Kumwalika Mgeni Rasmi: Barua Inayompa Mkuu wa Wilaya Kazi ya Kufanya



Wazazi wenzetu wa Tarime na Serengeti wanajua kwamba mwaka huu ni 2026, na kwamba koo nyingi za Wakurya huweka msimu wa tohara katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Msimu huo huanza shule zinapofungwa, mwishoni mwa Novemba na mwezi wa Desemba. Wavulana hutahiriwa, na wapo wasichana wanaokeketwa kwa siri katika siku hizo hizo. Kwa ajili hiyo kamati za wazazi, za misikiti, za makanisa na za shule zimeanza kuandaa semina na mikutano ya kuwalinda watoto, na karibu kila moja inataka Mkuu wa Wilaya awe mgeni rasmi wa kuifungua.

Katika safu hii leo tunaizungumzia barua ya mwaliko huo. Huenda ikaonekana jambo dogo, lakini barua ndiyo inayoamua mgeni atakuja kufanya nini. Barua isiyosema lolote humleta mtu mkubwa akatoa hotuba ambayo angeweza kuitoa mahali popote, akapigiwa makofi na kuondoka. Barua iliyoandikwa vizuri humfikisha akiwa ameshajua wanaomsikiliza ni nani, wanaogopa nini, na ni neno gani la ofisi yake wanalolihitaji. Desemba ikifika, mzazi anayeshinikizwa na ukoo atalitumia neno hilo kuwa ngao yake.

Nani aandikiwe

Kosa la kwanza hutokea katika anuani. Wilaya ya Tarime ina halmashauri mbili: Halmashauri ya Mji wa Tarime, na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ambayo makao yake yako Nyamwaga. Kila moja ina Mkurugenzi wake, lakini Mkuu wa Wilaya ni mmoja tu kwa zote mbili. Mkurugenzi ndiye mwenye bajeti, watumishi wa afya, walimu na maafisa ustawi wa jamii. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa serikali kuu na mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kama semina inahusu kuwalinda wasichana wasikeketwe, anayehitajika mbele ya wazazi ni huyu wa pili, na Mkurugenzi hupewa nakala. Kama kamati inazindua darasa au kisima, huenda Mkurugenzi ndiye anayefaa zaidi.

Kwa Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu, anuani ni nyepesi kwa sababu halmashauri ni moja. Matata huja pale kamati za wilaya mbili zinapofanya shughuli ya pamoja, zikaandika barua mbili na kuwaahidi Wakuu wa Wilaya wawili nafasi ileile. Katika itifaki mgeni rasmi ni mmoja. Ama mwalikwe Mkuu wa Mkoa aliyeko Musoma, kwa kuwa wilaya zote mbili zimo chini yake, ama Mkuu wa Wilaya ambako shughuli inafanyika awe mgeni rasmi na mwenzake aalikwe kwa barua inayosema wazi kwamba ni mgeni mwalikwa. Kumbukeni pia kwamba Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, ilhali Serengeti imo katika mkoa wa kipolisi wa Mara. Taarifa iliyopelekwa polisi Tarime haitoshi kwa mkutano utakaofanyika Mugumu.

Andikeni kwa cheo, wala msiandike kwa jina. Viongozi huhamishwa, na barua yenye jina la aliyeondoka juma lililopita humfikia mpya ikiwa imekwisha kumkosea adabu.

Lini iandikwe

Tarehe ya shughuli ichaguliwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye hatari yenyewe. Wasichana waliofanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba wako nyumbani tayari, na madarasa mengine hufunga mwanzoni mwa Desemba. Semina ya Desemba 12 huwakuta wengine wamekwisha kukeketwa. Tena kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 ni siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, ambapo Wakuu wa Wilaya hualikwa kila upande, na ndani yake imo Desemba 9, sikukuu ya Uhuru. Katikati ya Novemba ndipo penye nafasi. Ijumaa isichaguliwe, wala siku ya gulio la mahali hapo.

Barua nayo ifike ofisini majuma matano au sita kabla. Ipelekwe kwa mkono masjala, na mpelekaji awe na nakala ya pili ili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kutoka masjala barua huwekwa katika jalada, hupita kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha ndipo hufika kwa Mkuu wa Wilaya na kuingizwa katika kalenda yake. Kamati inayomwambia msaidizi wake kwa simu, ikaamini kwamba imekwisha kualika, haina jalada wala haina mwaliko. Baada ya siku kumi mtu mmoja, yule yule kila mara, aende kuulizia akiwa na ile nakala yenye mhuri.

Mwaliko haumo mahali pa taarifa ya polisi. Sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka anayeandaa mkusanyiko wa hadhara amwarifu kwa maandishi mkuu wa polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Zipo kamati zilizodhani kwamba kuja kwa Mkuu wa Wilaya kunatosha kuwa kibali. Pelekeni taarifa hiyo mapema, na nakala yake iambatane na mwaliko.

Barua isiyosaidia

Barua nyingi za mwaliko husomeka hivi: "Tunayo heshima kubwa kukualika katika hafla yetu ya kupinga mila potofu itakayofanyika Jumamosi asubuhi. Uwepo wako utatutia moyo sana. Tunatanguliza shukrani."

Adabu imo, lakini mpokeaji hajui aje saa ngapi, akae muda gani, azungumze na nani, wala aseme nini. Wasaidizi wake wanaoandaa hotuba hawana cha kushika, basi watachukua hotuba ya mwaka jana. Na maneno "mila potofu" yana madhara yake. Mzee wa mila aliyealikwa akisikia hotuba inayotukana mila zake zote, ikiwemo tohara ya wavulana ambayo hakuna anayeipinga, ataondoka akiwa adui, na ndiye ambaye neno lake linasikilizwa katika ukoo. Barua itaje kitu chenyewe kwa jina lake: ukeketaji wa wasichana. Tena isiuite "tohara ya wanawake", kwa sababu jina hilo linauchanganya na tohara ya wavulana wakati nia ni kuvitenganisha.

Mfano wa barua

Tumeuandika mfano ufuatao kwa kamati ya kubuni iliyoko Sirari, mpakani. Kila kamati itie jina lake na mambo yake. Kwa desturi ya barua za serikali, aya ya kwanza haina namba, na zinazofuata hupewa namba kuanzia 2, ili anayejibu aweze kusema "aya ya 4 ya barua yenu".

KAMATI YA WAZAZI (jina kamili la kamati)
S.L.P. ......, SIRARI

Kumb. Na. KW/SIR/2026/07
5 Oktoba 2026

Mkuu wa Wilaya,
Wilaya ya Tarime,
S.L.P. ......,
TARIME.

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata, Kata ya Sirari.

YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI KATIKA UFUNGUZI WA SEMINA YA WAZAZI KUHUSU ULINZI WA WASICHANA DHIDI YA UKEKETAJI, JUMAMOSI 14 NOVEMBA 2026

Mheshimiwa, tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

2. Kamati yetu imeandaa semina ya siku moja kwa wazazi na walezi wa Kata ya Sirari, itakayofanyika katika uwanja wa shule ya msingi (jina la shule), kwa idhini ya Mwalimu Mkuu. Tunakuomba uwe mgeni rasmi na uifungue semina hiyo. Unaombwa kuwasili saa 3:30 asubuhi na utakuwa huru kuondoka saa 5:45 asubuhi.

3. Washiriki watakuwa 250: wazazi na walezi 180, wazee wa mila 20, viongozi wa dini mbalimbali 15, walimu 20 na wenyeviti wa vitongoji 15. Lugha itakuwa Kiswahili, na mkalimani wa Kikurya atakuwapo.

4. Semina inahusu ukeketaji wa wasichana peke yake. Haipingi tohara ya wavulana wala mila nyingine za jamii. Tunaomba hotuba yako iitilie mkazo tofauti hiyo, kwa kuwa wazee wa mila wamekubali kuhudhuria kwa msingi huo.

5. Matarajio yetu kwako, Mheshimiwa, ni matatu:
(a) kuwaeleza wazazi kwamba sheria humwajibisha pia mzazi au mlezi, si ngariba peke yake;
(b) kutangaza mbele yao namba za simu za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na za Afisa Ustawi wa Jamii zitakazopokelewa usiku na mchana hadi shule zitakapofunguliwa;
(c) kupanga siku, kabla ya 1 Desemba, ya kukutana na wazee wa mila waliohudhuria pamoja na kamati yako ya usalama.

6. Endapo majukumu hayatakuruhusu kufika, tunaomba mwakilishi atakayeweza kutoa tamko kuhusu aya ya 5, na tujulishwe kabla ya 6 Novemba 2026.

7. Tumeambatanisha ratiba, rasimu ya risala na nakala ya taarifa kwa polisi. Mawasiliano ni kwa Katibu wa kamati, simu namba ......

Tunakutakia kazi njema.

(Sahihi, jina)
Mwenyekiti

Nakala: Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya.

Kwa nini matarajio yawe matatu

Moyo wa barua hii ni aya ya 5. Kila ombi lililomo limo ndani ya uwezo wa ofisi inayoombwa, na kila moja lina alama ya kujua kama limetekelezwa.

Ombi la kwanza ni la sheria. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998, kinamgusa mtu yeyote mwenye uangalizi wa mtoto wa chini ya miaka 18 anayesababisha akeketwe. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Wazazi wengi wamesikia kwamba ngariba hukamatwa. Hawajasikia kwamba baba aliyempeleka binti yake naye yumo. Baba huyo akilisikia kutoka kwa Mkuu wa Wilaya, mbele ya wazee wa ukoo wake, amepata sababu ya kukataa bila kuonekana mwoga.

Ombi la pili ni la namba za simu. Msichana anayetoroka saa nane za usiku hahitaji hotuba, anahitaji simu itakayopokelewa. Namba 116, ya kitaifa ya msaada kwa mtoto, ipo, lakini wazazi wapewe pia namba za watu wa wilaya yao. Mgeni rasmi akizisoma kwa sauti, maafisa wake wanaozishika simu hizo wakiwa wamekaa mbele, ni vigumu baadaye simu kuzimwa. Kwa kuwa barua imelitaja jambo hili majuma matano kabla, hatashtukizwa, na namba zitakuwa zimekwisha kuthibitishwa.

Ombi la tatu ni la siku ya kukutana. Mkutano wa hadhara hauwezi kuamua mambo ya koo, kwa sababu wazee huyajadili katika vikao vyao wenyewe. Kinachoweza kupatikana hadharani ni ahadi ya kikao kingine. Kwa Sirari kuna jambo jingine la kujadiliwa humo, nalo ni wasichana kuvushwa mpaka kwenda kwa ndugu upande wa Kenya, ambako Wakurya wapo pia na ambako ukeketaji umekatazwa kwa sheria yake ya mwaka 2011. Hilo ni suala la kamati ya usalama, si la jukwaani.

Tazameni pia kisichoombwa. Hakuna ombi la madawati, gari la wagonjwa wala mchango wa ujenzi. Mambo hayo ni ya bajeti ya halmashauri, na mgeni akiyasikia kwa ghafla katika risala atajibu "nimelipokea", neno lisilo na tarehe. Ubaya zaidi ni kwamba ombi la madawati humpa jambo jepesi la kujibu, akaliacha lile zito. Ndiyo maana rasimu ya risala huambatanishwa: risala isiseme ombi ambalo barua haikulisema.

Ratiba na saa zake

Ratiba iliyoambatanishwa na barua yetu ni hii:

Saa 2:30 asubuhi: Washiriki kuwasili na kuketi.
Saa 3:30: Mgeni rasmi kuwasili na kusaini kitabu cha wageni.
Saa 3:40: Wimbo wa Taifa, dua na sala, utambulisho.
Saa 3:55: Maelezo ya sheria, afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto (dakika 20).
Saa 4:15: Neno la mzee wa mila (dakika 10).
Saa 4:25: Neno la viongozi wa dini, msemaji mmoja (dakika 10).
Saa 4:35: Risala ya wazazi (dakika 10).
Saa 4:45: Hotuba ya mgeni rasmi na ufunguzi (dakika 30).
Saa 5:15: Maswali ya wazazi, mgeni rasmi akiwapo (dakika 30).
Saa 5:45: Shukrani, na mgeni rasmi kuondoka.
Saa 5:50: Mafunzo kwa makundi, sehemu ya kwanza.
Saa 6:30 mchana: Sala ya Adhuhuri.
Saa 7:00: Chakula.
Saa 7:45 hadi 9:15 alasiri: Mafunzo kwa makundi, sehemu ya pili, na kufunga.

Mgeni anakaa saa mbili na robo. Mzee wa mila amewekwa kabla ya hotuba, si baada yake, ili Mkuu wa Wilaya azungumze akiwa amemsikia, na mzee asionekane anamjibu serikali. Maswali yamewekwa mgeni akiwa bado yupo, kwa sababu swali la mama aliyekaa nyuma ndilo huonyesha kama hotuba imeeleweka. Na chakula kimewekwa baada ya Adhuhuri kwa makusudi. Semina nyingi hupoteza nusu ya watu mgeni rasmi anapopanda gari, na hubaki wachache zaidi kama wali umeliwa mbele yake.

Ratiba huharibika kwa njia moja inayojulikana: kila kiongozi mwalikwa hupewa "dakika tano za kusalimia". Salamu za watu wanane ni dakika 40, nazo hukatwa kutoka kwenye maswali. Basi watambulishwe wote kwa majina na vyeo vyao, wasimame wapungie mkono, na hapo iishie. Mwenyekiti awaambie hivyo siku moja kabla.

Mambo mawili yasiingie katika ratiba kabisa. La kwanza ni kumpandisha jukwaani msichana aliyetoroka ili atoe ushuhuda. Kesho yake atarudi kijiji kilekile, na kila mtu atakuwa amemwona, pamoja na walioachwa na aibu kwa kutoroka kwake. Vituo vinavyowapokea wasichana hawa, kama kile cha Masanga huko Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu huko Serengeti, vina watu wazima wanaoweza kueleza yanayowapata bila kumtaja yeyote. Waalikwe hao. La pili ni tamasha la ngariba kukabidhi visu kwa mgeni rasmi. Hupendeza kwenye picha, lakini kisu kipya hununuliwa gulioni. Kama ngariba ameacha kweli, mwekeni katika makundi ya mchana azungumze na akina mama wenzake.

Asipokuja, na baada ya kuja

Ziara ya kiongozi wa kitaifa ikitangazwa, Mkuu wa Wilaya atakwenda huko, na si dharau kwenu. Aya ya 6 imewekwa kwa ajili hiyo. Mwakilishi huenda akawa Katibu Tawala wa Wilaya au Afisa Tarafa. Anaweza kusoma hotuba, lakini kama hakupewa idhini ya kuzitangaza zile namba na kuitaja ile siku ya kikao, semina itafunguliwa huku matarajio mawili kati ya matatu yakibaki njiani. Hivyo mkiambiwa kwamba mwakilishi atakuja, msijibu "ahsante" tu. Mwulizeni Katibu Tawala kwa adabu kama mwakilishi amekabidhiwa aya ya 5.

Wakati wa hotuba, Katibu wa kamati asishughulike na mapambo wala chakula. Akae na kalamu aandike kila ahadi kwa maneno ya msemaji, pamoja na tarehe. Ndani ya siku tatu iandikwe barua ya shukrani yenye kumbukumbu namba inayofuata, ikizitaja ahadi hizo moja baada ya nyingine: "Tunashukuru kwamba ulitangaza namba hizi, tunashukuru kwamba uliahidi kikao na wazee tarehe fulani." Barua hiyo nayo igongwe mhuri, na nakala ziende kwa walewale wanne. Ahadi ya mdomoni haina mahali pake masjala. Iliyoandikwa katika barua ya shukrani huingia katika jalada lilelile la mwaliko, na Katibu Tawala atakapolifungua ataikuta.

Kisha, usiku wa juma la kwanza la Desemba, mtu wa kamati azipigie zile namba mbili aone kama zinapokelewa. Isipopokelewa hata moja, asubuhi yake arudi ofisini akiwa na nakala mbili zenye mhuri, ya mwaliko na ya shukrani. Shule zikiwa zimefungwa, siku za kusubiri zimekwisha.